Mabati mazima yasifiche vigae vilivyododa

Mwisho wa mwaka, duka la vifaa vya ujenzi huhesabu mali iliyobaki stoo na kuipa thamani. Jambo rahisi ni kuchukua risiti za manunuzi na kuzidisha bei kwa idadi. Lakini risiti haijui kwamba ndoo ya rangi imebonyea, wala kwamba vigae vya mtindo wa zamani vina vumbi la miezi kumi.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 kinataka bidhaa ziandikwe kwa kiasi kidogo kati ya viwili: gharama yake, au thamani halisi ya mauzo. Thamani hiyo ni bei inayotarajiwa, ukiondoa fedha zitakazotumika kuiweka bidhaa sawa na kuiuza.

Tuchukue mfano wa duka lenye bidhaa tatu. Mabati 200 yalinunuliwa kwa shilingi 25,000 kila moja na yanauzwa kwa 30,000. Hayo yanabaki kwenye gharama, yaani 5,000,000. Faida haiandikwi kabla ya kuuza.

Boksi 80 za vigae ziligharimu 30,000 kila moja. Sasa wateja wanatoa 24,000, na dalali huchukua 2,000. Zinabaki 22,000 kwa boksi, jumla 1,760,000, badala ya 2,400,000.

Ndoo 40 za rangi zilinunuliwa kwa 45,000. Zimebonyea, ingawa rangi ni nzima. Kila moja itauzwa 40,000 baada ya kutumia 3,000 kuhamishia rangi kwenye ndoo mpya. Thamani yake ni 37,000, jumla 1,480,000, badala ya 1,800,000.

Kwa hiyo stoo yenye gharama ya 9,200,000 inaandikwa 8,240,000. Tofauti, 960,000, ni hasara ya mwaka huu.

Kosa kubwa hutokea mtu anapojumlisha kwanza. Thamani ya mauzo ya bidhaa zote tatu ni 9,240,000, inayozidi gharama kwa 40,000. Hasara yote inatoweka, imefunikwa na faida ya mabati ambayo hayajauzwa, na wabia wanaweza kugawana faida isiyokuwepo. Ndiyo maana hesabu hufanywa bidhaa kwa bidhaa, isipokuwa zile zinazofanana kiasi cha kuwekwa kundi moja.

Kuchelewa kuuzwa peke yake si hasara. Misumari inaweza kukaa mwaka mzima na bado ikauzwa juu ya gharama. Ushahidi mzuri ni mauzo ya wiki za mwanzo za mwaka mpya: vigae vikitoka kwa 24,000 mwezi Januari, bei hiyo inaonyesha hali ilivyokuwa Desemba.

Bei ya vigae ikipanda mwakani hadi 35,000, thamani ya boksi zilizobaki hurudishwa juu, lakini haivuki gharama ya awali ya 30,000.