Kila shilingi huandikwa mara mbili

Mlinganyo wa uhasibu una maneno matatu tu: Mali = Madeni + Mtaji. Upande wa kushoto ni vitu vyote ambavyo biashara inavimiliki au inastahili kupata, kama fedha, bidhaa, samani na pesa ambazo wateja hawajalipa. Upande wa kulia unaeleza vitu hivyo vilitoka kwa nani. Ama viligharamiwa na watu wa nje wanaoidai biashara, na hayo ni madeni, ama viligharamiwa na mwenye biashara mwenyewe, na huo ndio mtaji. Kwa kuwa kila kitu kilichomo dukani lazima kiwe kimetoka kwa mmoja wa hao wawili, pande hizi haziwezi kutofautiana. Ni mali ileile inayohesabiwa mara mbili, kwanza kwa kuitazama ilivyo, kisha kwa kuuliza imetoka wapi.

Uwekaji hesabu wa maingizo mawili umejengwa juu ya wazo hilo. Wafanyabiashara wa miji ya Italia walikuwa wakiutumia tangu karne ya 14, na mwaka 1494 mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha Venisi kitabu cha hisabati chenye sehemu iliyoueleza kwa utaratibu. Watu wengi humwita baba wa uhasibu, sifa iliyozidi kidogo, kwa kuwa yeye aliandika yale ambayo wafanyabiashara walikuwa wakiyafanya tayari.

Mwanafunzi wa muhula wa kwanza kwa kawaida hukwama kwenye maneno debiti na krediti. Wengi huyapa maana ya “mbaya” na “nzuri”, au “kutoa” na “kuingiza”, na makosa huanzia hapo. Katika daftari, debiti ni upande wa kushoto wa akaunti na krediti ni upande wa kulia. Basi. Akaunti za mali ziko kushoto mwa mlinganyo, kwa hiyo huongezeka kwa debiti na kupungua kwa krediti. Madeni na mtaji viko kulia, kwa hiyo huongezeka kwa krediti na kupungua kwa debiti. Anayeushika mlinganyo hana haja ya kukariri kanuni nyingine.

Mfano wa duka dogo la kanga mjini Tanga unatosha kuonyesha jinsi jambo hili linavyokwenda. Mwenye duka anafungua biashara tarehe 1 Machi kwa kuweka shilingi 2,000,000 taslimu. Ingizo la kwanza katika jonali, yaani daftari ambamo miamala huandikwa kwa mfuatano wa tarehe, ni hili:

Debiti: Taslimu 2,000,000
Krediti: Mtaji 2,000,000

Mali ni 2,000,000, madeni hayapo, mtaji ni 2,000,000. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka: biashara na mwenye biashara huhesabiwa kuwa ni watu wawili. Fedha alizotoa mfukoni si zake tena kwa mujibu wa daftari, ni za duka. Alichobakiwa nacho yeye ni haki yake juu ya duka, nayo imeandikwa kwenye akaunti ya mtaji.

Tarehe 3 duka linachukua doti 100 za kanga kwa muuzaji wa jumla, kila doti shilingi 9,000, kwa makubaliano ya kulipa baadaye.

Debiti: Bidhaa 900,000
Krediti: Wadai 900,000

Sasa mali ni 2,900,000, yaani fedha 2,000,000 na kanga za 900,000. Kulia kuna deni la 900,000 na mtaji wa 2,000,000. Mwenye duka hajawa tajiri zaidi kwa kujaza kanga dukani. Mtaji wake haukusogea hata senti. Siku inayofuata ananunua makabati ya vioo kwa 400,000 taslimu. Akaunti ya Samani inapata debiti ya 400,000 na Taslimu krediti ya kiasi hichohicho. Mali moja imegeuka kuwa nyingine, na jumla inabaki 2,900,000.

Tarehe 5 analipa kodi ya pango ya mwezi huo, shilingi 150,000. Fedha zimepungua, hivyo Taslimu inapata krediti. Lakini debiti iende wapi? Mwezi ukiisha duka halitakuwa na kitu cha kushika mkononi kwa sababu ya malipo hayo, na deni lolote halijapungua. Kilichopungua ni haki ya mwenye duka. Ingewezekana kuipiga akaunti ya Mtaji debiti moja kwa moja, na mlinganyo ungekaa sawa. Tatizo ni kwamba mwisho wa mwaka Mtaji ungekuwa rundo la tarakimu, na hakuna ambaye angejua ni kiasi gani kililiwa na pango na kiasi gani na umeme. Ndiyo maana kila gharama hufunguliwa akaunti yake:

Debiti: Kodi ya pango 150,000
Krediti: Taslimu 150,000

Gharama, basi, ni upungufu wa mtaji uliopewa jina. Kwa hiyo hukaa upande wa debiti. Mapato ni ongezeko la mtaji lililopewa jina, nayo hukaa upande wa krediti. Mwanafunzi anayeshangaa kwa nini gharama na mali zinakaa upande mmoja ilhali moja humfilisi mtu na nyingine humnufaisha atalipata jibu hapo.

Mauzo ya kwanza yanakuja kwa kishindo. Kuna harusi mtaani, na doti 40 zinauzwa kwa shilingi 14,000 kila moja, jumla 560,000. Doti 25 zinalipiwa papo hapo, yaani 350,000. Doti 15 zinachukuliwa na kikundi cha akina mama wanaotaka sare, watakaolipa 210,000 mwisho wa mwezi. Ingizo moja linaweza kuwa na akaunti zaidi ya mbili, ilimradi jumla ya debiti ilingane na jumla ya krediti:

Debiti: Taslimu 350,000
Debiti: Wadaiwa 210,000
Krediti: Mauzo 560,000

Mauzo ni 560,000 yote, ingawa fedha zilizoingia ni 350,000. Pato limepatikana siku kanga zilipokabidhiwa, si siku pesa zitakapofika. Hata hivyo kazi haijaisha, kwa sababu doti 40 zimetoka dukani na daftari bado linaonyesha zipo. Zilinunuliwa kwa 9,000 kila doti, hivyo:

Debiti: Gharama ya bidhaa zilizouzwa 360,000
Krediti: Bidhaa 360,000

Vitabu vingi vya shule hutumia njia nyingine, ambapo manunuzi huwekwa kwenye akaunti ya Manunuzi na gharama ya bidhaa zilizouzwa hupatikana mwisho wa kipindi baada ya kuhesabu zilizobaki stoo. Majibu ya mwisho ni yaleyale kama hakuna kilichopotea. Njia iliyotumika hapa inafaa zaidi kwa kujifunza, kwa sababu faida inaonekana siku ileile.

Mwishoni mwa mwezi duka linamlipa muuzaji wa jumla 500,000: debiti Wadai, krediti Taslimu. Pande zote mbili za mlinganyo zinapungua kwa kiasi kimoja, na faida haiguswi, maana kulipa deni si gharama. Kisha mwenye duka anachukua 80,000 kwenye droo kulipia ada ya mtoto. Hiyo pia si gharama ya duka. Ni mwenye mali anayejirudishia sehemu ya haki yake, na huandikwa debiti Matumizi binafsi, krediti Taslimu. Wenye maduka madogo wengi huliruka ingizo hili, kisha hushangaa droo ina upungufu wakati vitabu vinaonyesha faida.

Kutoka jonali, kila kiasi huhamishiwa kwenye leja, ambako kila akaunti ina ukurasa wake. Salio za leja zikipangwa pamoja hupatikana urari. Upande wa debiti wa duka hili una Taslimu 1,220,000, Wadaiwa 210,000, Bidhaa 540,000, Samani 400,000, Kodi ya pango 150,000, Gharama ya bidhaa zilizouzwa 360,000 na Matumizi binafsi 80,000. Jumla ni 2,960,000. Upande wa krediti una Wadai 400,000, Mtaji 2,000,000 na Mauzo 560,000, jumla 2,960,000. Faida ya mwezi ni mauzo 560,000 ukitoa 360,000 na 150,000, yaani 50,000. Ukiiongeza kwenye mtaji na kutoa matumizi binafsi, haki ya mwenye duka ni 1,970,000. Pamoja na deni la 400,000 inakuwa 2,370,000, kiasi kilekile cha mali zilizopo.

Hapa inafaa kutegua kitendawili kinachowasumbua wengi. Mwenye duka akiweka fedha benki, taarifa ya benki husema akaunti yake imepata krediti, ilhali katika vitabu vyake akaunti ya benki imepata debiti. Wote wawili wako sahihi. Kwa duka, fedha zilizoko benki ni mali. Kwa benki, fedha hizohizo ni deni inalodaiwa na mteja, na taarifa ile imetolewa kwenye vitabu vya benki.

Urari usipolingana, tofauti yenyewe huonyesha pa kuanzia kutafuta. Ikigawanyika kwa 2, itafutwe akaunti yenye nusu ya kiasi hicho. Huenda imewekwa upande usio wake. Kodi ya pango ikiwekwa kwenye krediti, tofauti itakuwa 300,000, na nusu yake ni 150,000. Tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: anayeandika 450,000 badala ya 540,000 ataona tofauti ya 90,000. Njia hizi hutoa dalili tu, kwa kuwa tofauti inaweza kugawanyika kwa 9 au kwa 2 kwa bahati.

Kosa la hatari zaidi ni lile ambalo urari haulioni. Muamala ulioachwa kabisa hauuvurugi, wala kiasi kisicho sahihi kilichoandikwa pande zote mbili. Tuseme makabati ya vioo ya 400,000 yameandikwa kwenye akaunti ya Matengenezo badala ya Samani. Debiti bado ni debiti, na jumla bado ni 2,960,000 kila upande. Lakini faida ya 50,000 imegeuka hasara ya 350,000, na duka halionyeshi kuwa na kabati hata moja. Kosa la namna hii hugunduliwa kwa kulinganisha leja na risiti, na kwa kutembea dukani kuhesabu vilivyopo.

Likigunduliwa, ingizo lililokosewa halifutwi wala halichanwi. Huandikwa ingizo jipya lenye tarehe na maelezo ya sababu, ili anayekagua aone kosa na marekebisho yake:

Debiti: Samani 400,000
Krediti: Matengenezo 400,000