UPS ya Chumba cha Seva: Betri Zipimwe kwa Uzee Wake

Ukienda kununua UPS, muuzaji atakuuliza kwanza unataka ya kVA ngapi. Jibu lake linaonyesha mashine inabeba mzigo gani, si itaubeba kwa muda gani. Muda unatoka kwenye betri, na hesabu ya betri ndiyo wengi huikosea.

Tuchukue mfano wa SACCOS ya Dar es Salaam yenye chumba kimoja cha seva. Fundi hajumlishi wati zilizoandikwa nyuma ya mashine, kwa kuwa seva yenye pawasaplai ya wati 750 mara nyingi hutumia chini ya nusu yake. Anapima umeme unaoingia chumbani siku za mwisho wa mwezi, wakati mishahara inapopita, na kupata kilowati 4. Akiongeza asilimia 20 kwa ajili ya mashine zitakazonunuliwa baadaye, anafika kilowati 4.8. Hapo asichukue UPS yoyote ya 6 kVA: zipo ambazo kVA hizo 6 ni kilowati 4.8 tu, kwa hiyo itajaa pomoni. Atafute inayotoa kilowati 6 kamili.

Sasa muda. Jenereta nzima huwaka na kupokea mzigo ndani ya dakika moja, lakini betri hununuliwa kwa ajili ya siku ile jenereta inapogoma. Mhudumu anahitaji dakika kadhaa za kujaribu kuiwasha. Ikishindikana, seva zizimwe kwa utaratibu, na fundi wetu amelijaribu zoezi hilo akaona linachukua dakika 12. Anaamua dakika 20. Kutaka saa mbili hakuna maana hapa, kwa sababu kiyoyozi hakiko kwenye UPS. Kilowati 4 zinazoliwa na seva hugeuka zote kuwa joto, na chumba kilichofungwa kitazichemsha seva kabla betri hazijaisha.

UPS yenyewe hupoteza umeme kidogo, hivyo ili itoe kilowati 4.8 betri zitoe kama 5.1. Kwa dakika 20 hizo ni kilowati-saa 1.7. UPS hii hutumia safu ya betri 16 za volti 12, yaani volti 192. Ukigawa, unapata karibu 9 Ah, na dukani betri za 9 Ah zimejaa. Mnunuzi mwenye haraka atachukua safu moja na kuondoka.

Ataumia. Hizo 9 Ah zimepimwa kwa kuitoa betri polepole kwa saa 20. Ukiikamua kwa dakika 20, itatoa karibu nusu tu. Ndiyo maana mafundi hutumia jedwali la mtengenezaji, linaloonyesha kila seli inatoa wati ngapi kwa dakika ngapi. Safu yetu ina seli 96, kwa hiyo kila seli inadaiwa wati 53. Tuseme jedwali linatoa wati 27 kwa dakika 20. Safu mbili zinafikisha 54. Zinatosha, lakini zikiwa mpya.

Betri ya asidi ya risasi huhesabiwa kuwa imefika mwisho inapobaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa hiyo hitaji huzidishwa kwa 1.25 tangu mwanzo: 53 inakuwa 66, na safu zinakuwa tatu. Zile mbili zikizeeka zitabeba mzigo uleule kwa dakika kama 15 tu, na huenda zikakata seva zikiwa bado zinazimwa.

Joto huuharakisha uzee huo. Juu ya nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya betri kwa takriban nusu. Betri ya miaka mitano iliyowekwa kwenye stoo yenye nyuzi 35 ihesabiwe miaka miwili na nusu.

Usidanganyike na kioo cha UPS kinachosema asilimia 100. Kinaonyesha kwamba betri imejaa chaji, si kwamba ina uwezo uleule. Debe lililobonyea nalo hujaa. Kipimo cha kweli ni kukata umeme kwa makusudi, nje ya saa za kazi, mzigo ukiwepo na saa mkononi, kila mwaka. Betri moja iliyovimba huiangusha safu nzima, na kuchanganya mpya na kuukuu huichosha mpya mapema. Safu ibadilishwe yote.

Kwa hiyo usitie saini ankara iliyoandikwa kVA peke yake. Mtake muuzaji aandike kilowati za mzigo, dakika zitakazobaki betri ikiwa na asilimia 80, na joto la chumba alilotumia katika hesabu yake. Akishindwa kuyaandika hayo, tafuta mwingine.