Je, Wajua? Makande na Nywele Zako

Je, wajua kwamba unywele umejengwa karibu wote kwa protini iitwayo keratini? Asiyekula nyama anaweza kupata malighafi yake kwenye sufuria ya makande. Maharage yana lisini nyingi lakini methionini kidogo. Mahindi ni kinyume chake, kwa hiyo kimoja huziba pengo la kingine, hata vikiliwa katika milo tofauti ya siku moja. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 48 za protini kwa siku, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Chai ya rangi isubiri saa moja hivi baada ya mlo, maana hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu huusaidia.

Upungufu wa lishe huonekana kichwani miezi miwili au mitatu baadaye. Tazama unywele uliobaki kwenye kitana: ukiwa na kinundu cheupe mwishoni, umetoka na shina lake. Usipokuwa nacho, umekatika njiani, na mara nyingi chanzo ni dawa ya kulainisha au joto kali, madhara ambayo maharage hayawezi kuyarekebisha.