Watu Walimkumbuka Sokwe

Februari 2006, katika mji wa Monterey, California, daktari mmoja wa Kiswidi alipanda jukwaani kwenye mkutano wa TED akazungumza kwa dakika zipatazo 20. Aliitwa Hans Rosling. Alikuwa profesa wa afya ya kimataifa katika Taasisi ya Karolinska jijini Stockholm, na kabla ya hapo aliwahi kuwa daktari wa wilaya huko Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, ambako alianza kuchunguza konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaowapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Siku hiyo hakuzungumzia muhogo. Alizungumzia takwimu, na ukumbi ukacheka mwanzo hadi mwisho.

Hotuba ile ilirekodiwa, ikaandikwa neno kwa neno, na mpaka leo husomwa na kutazamwa na watu wengi. Muulize aliyeisikia ilihusu nini, na mara nyingi atakujibu kwa neno moja: sokwe. Rosling alisema wanafunzi bora wa Sweden wanaijua dunia kuliko sokwe, au pungufu ya sokwe, hakumbuki vizuri. Hapo ndipo ilipo kazi ya mtu aliyekabidhiwa maandishi ya hotuba kuu na kuambiwa ayafupishe yawe ukurasa mmoja. Kichekesho hujikumbusha chenyewe. Ujumbe lazima utafutwe.

Tuanze na kisa chenyewe, maana ndani yake mna mtego. Rosling alikuwa ameanzisha somo la afya ya dunia kwa wanafunzi waliofika chuoni na alama za juu kabisa. Kabla ya kuwafundisha aliwapa jaribio: jozi 5 za nchi, na katika kila jozi nchi moja ina vifo vya watoto mara mbili ya mwenzake. Mojawapo ilikuwa Uturuki na Sri Lanka. Mwanafunzi alitakiwa tu kutaja ni ipi yenye vifo vingi zaidi. Kwa wastani walipata 1.8 kati ya 5. Sokwe akipewa ndizi mbili, moja ina jina la Sri Lanka na nyingine la Uturuki, ataokota yoyote, na kwa kubahatisha hivyo atapata nusu, yaani 2.5.

Mfupishaji mwenye haraka huandika: “Profesa aligundua kwamba wanafunzi hawaijui dunia, akahimiza elimu iboreshwe.” Sentensi hiyo inasomeka vizuri, na imekosea mara mbili.

Kosa la kwanza liko kwenye hesabu. Asiyejua kitu kabisa hubahatisha, na mwenye kubahatisha hupata 2.5. Ukipata 1.8 maana yake kuna kitu kinakuvuta upande usio sahihi: unaamini kwa dhati jambo ambalo si kweli. Rosling mwenyewe alilisema hilo waziwazi mara baada ya kicheko, kwamba tatizo alilolikuta si kutojua bali ni dhana ambazo watu walikuwa nazo tayari. Ni sentensi fupi, haina mzaha, na katika maandishi imebanwa kati ya sokwe na kisa kingine cha kuchekesha. Anayesoma kwa kufuata vicheko ataipita. Kwa hiyo kwenye maandishi ya hotuba yenye alama ya kicheko, inafaa kusimama na kusoma mara mbili sentensi inayofuata. Mzungumzaji hodari huilegeza hadhira kwanza, kisha husema alilolijia.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu linamsingizia mtu. Rosling hakuhimiza elimu iboreshwe. Alihimiza jambo jingine, na tutalifikia.

Kwanza tuyatazame maandishi yenyewe, kwa kuwa maneno yaliyosemwa jukwaani yakishawekwa kwenye karatasi hubadilika tabia. Rosling alizungumza huku nyuma yake kuna skrini yenye viputo vya rangi, kila kiputo ni nchi, na ukubwa wake ni idadi ya watu. Viputo vile vilitembea mwaka hadi mwaka, tangu 1962 hadi 2003, naye akivikimbilia kwa mkono kama mtangazaji wa mpira. Kwenye karatasi vinabaki vineno: hii hapa, zile kule, tazama zinavyopanda. Zinapanda kwenda wapi? Bila picha hakuna jibu. Mfupishaji makini huweka video kando ya maandishi, akifika kwenye kila “hapa” husimamisha picha na kuandika pembeni kile kinachoonekana: mhimili mmoja ni idadi ya watoto kwa kila mwanamke, mwingine ni umri wa kuishi. Asipokuwa na video, anaacha sehemu hiyo badala ya kuikisia.

Sauti nayo hupotea. Katika hotuba hiyo Rosling anasema pia kwamba aliwapa jaribio maprofesa wa Karolinska, taasisi ambayo ndiyo humchagua mshindi wa Nobeli ya tiba, nao wakalingana na sokwe. Utafiti huo anauita usiofuata maadili. Ukumbini kila mtu alielewa kuwa ni utani. Kwenye karatasi tupu, mtu anaweza kuandika kwamba profesa alikiri kuvunja maadili ya utafiti, jambo ambalo lingekuwa tuhuma nzito. Vivyo hivyo kwa sokwe: hakuna sokwe aliyepimwa. Ni hesabu ya nusu ya 5 iliyovishwa manyoya.

Sasa ujumbe mkuu. Wengi waliosoma hotuba hiyo kwa utulivu husema ni huu: dunia haijagawanyika tena kati ya “sisi” wenye maisha marefu na familia ndogo na “wao” wenye maisha mafupi na familia kubwa. Ni kweli Rosling alilisema, na ndilo lililochukua muda mwingi zaidi. Lakini kuna njia ya kulipima. Ujumbe mkuu lazima ubebe visa vyote na pia ubebe ombi la mwisho. Dakika za mwisho Rosling aligeukia hifadhidata: takwimu zilizokusanywa kwa fedha za umma zimelala chini kama mbegu, na juu yake kumewekwa bei, nywila na majedwali yanayochosha. Ikiwa ujumbe ni “dunia imebadilika” tu, ombi hilo linaning’inia hewani, kana kwamba mzee ameanza hotuba nyingine.

Basi lazima pawe na daraja, nalo ni lile la 1.8. Ushahidi kwamba dunia imebadilika upo tayari, umekusanywa na kulipiwa. Haufiki kwa watu, na nafasi yake imejazwa na dhana za zamani. Ukiuandika ujumbe hivyo, sokwe, viputo na hifadhidata vinakaa kwenye uzi mmoja.

Uzi ukishapatikana, visa hujichuja vyenyewe. Kila kimoja huulizwa: wewe umekuja kuthibitisha nini? Cha wanafunzi kinathibitisha kwamba dhana zipo hata kwa waliosoma sana. Cha Vietnam na Marekani kinathibitisha kwamba mgawanyiko wa zamani umeyeyuka, kwa kuwa mwaka 2003 Vietnam ilikuwa na umri wa kuishi na ukubwa wa familia sawa na Marekani ya 1974, ingawa katikati palipita vita. Hivyo viwili vinabaki.

Kipo cha tatu ambacho wafupishaji wengi hukitupa, nami ningekitetea. Rosling aliichukua Afrika kusini mwa Sahara, aliyoionyesha kwanza kama kiputo kimoja kikubwa, akaipasua: Sierra Leone ikaangukia chini, Mauritius ikapanda juu, nyingine zikatawanyika katikati. Kisha akazipasua nchi zenyewe, kwa mfano Uganda, akaonyesha tofauti kati ya matajiri na maskini wa nchi hiyo hiyo. Alikuwa anaonya kwamba wastani huficha, na kwamba suluhisho la mahali pamoja halihamishiki hivihivi kwenda pengine. Hili ni sharti ambalo mzungumzaji aliliwekea hoja yake mwenyewe. Ukiliondoa, utamfanya aonekane mtu wa kusema kila kitu kinakwenda vizuri, na sivyo alivyosema: katika viputo hivyohivyo alionyesha jinsi UKIMWI ulivyoshusha umri wa kuishi katika nchi kadhaa za Afrika. Msomaji wa Kampala au Dodoma ana haki ya kuikuta sehemu hiyo kwenye ufupisho.

Kisa cha Korea Kusini na Falme za Kiarabu, kuhusu afya na utajiri wa mafuta, kinaweza kuachwa nafasi ikiwa finyu. Ni kizuri, ila uzi haukatiki kikiondoka.

Yanabaki mambo anayotaka yatendwe, na hapa pana nidhamu ya pekee. Kwa kila ombi andika nani anaombwa na afanye nini, kwa maneno ambayo mzungumzaji aliyatamka kweli. Rosling aliwaelekea wanaoshika takwimu za umma. Waziachie bure. Ziweze kutafutwa kama vitu vingine vinavyotafutwa mtandaoni. Zionyeshwe kwa sura ambayo mwanafunzi au mfanyabiashara ataielewa. Hakutaja tarehe ya mwisho, wala kiasi cha fedha, wala sheria mpya, kwa hiyo ufupisho hauna ruhusa ya kuviongeza. Pia aliieleza Gapminder, shirika lisilo la faida aliloanzisha pamoja na mwanawe na mkwewe, linalounganisha takwimu na michoro. Hilo ni jambo alilokuwa akilifanya yeye, si ombi kwa wasikilizaji, na yakichanganywa msomaji atadhani aliombwa kujiunga.

Ufupisho unaotokana na kazi hiyo unaweza kusomeka hivi:

“Takwimu za umma zinaonyesha kuwa dunia haigawanyiki tena kati ya nchi za maisha marefu na familia ndogo na nchi za kinyume chake, lakini haziwafikii watu, hivyo hata wasomi huongozwa na dhana za zamani. Wanafunzi wa Karolinska walipata 1.8 kati ya 5 katika jaribio ambalo kubahatisha kungewapa 2.5. Vietnam ya 2003 ililingana na Marekani ya 1974 kwa umri wa kuishi na ukubwa wa familia. Rosling anaonya kwamba wastani wa bara au nchi huficha tofauti kubwa za ndani. Anawataka wanaoshika takwimu zilizolipiwa na umma wazitoe bure, waziwezeshe kutafutwa na wazionyeshe kwa namna inayoeleweka.”

Sokwe hayumo, na hakuna kilichopungua.

Aliyeushika ufupisho wa namna hiyo mwaka 2006 angejua aangalie wapi baadaye. Mwaka uliofuata Google iliinunua programu iliyokuwa ikivitembeza vile viputo. Aprili 2010 Benki ya Dunia ilifungua hifadhidata zake, zaidi ya viashiria 2,000, kila mtu azichukue bila malipo. Aliyebaki na sokwe peke yake asingeona kwamba habari hizo zina uhusiano wowote na ile hotuba ya Monterey.