Mvuke Unaopashwa Kama Kiporo

Mapanga ya mwisho ya turbini ya mvuke, yale marefu yaliyo karibu na mlango wa kutokea, huliwa na maji. Mtambo ukifunguliwa kwa matengenezo, fundi hupitisha kidole kwenye ukingo wa panga, upande unaoupokea mvuke. Ukingo uliokuwa laini ukishakuwa na meno kama tupa, anajua mvuke ulifika pale ukiwa na matone. Ncha ya panga hilo hukimbia mamia ya mita kwa sekunde, na kwa mwendo huo tone dogo la maji hugonga chuma kama changarawe.

Lakini matone yametoka wapi, ikiwa mvuke uliingia ukiwa mkavu? Jibu limo kwenye kitabu cha namba ambacho kila mhandisi wa mitambo hii amekifungua mara nyingi, yaani majedwali ya mvuke. Tuyasome pamoja kwa mfano mmoja.

Boila yetu inachemsha maji kwa presha ya baa 100, kama mara hamsini ya presha ya tairi la gari dogo. Kwa presha hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100 za sufuria ya nyumbani, bali kwa nyuzi 311. Tungeweza kuuchukua mvuke hapo hapo na kuupeleka kwenye turbini, ila ungefika mwisho theluthi moja yake ikiwa imegeuka maji. Kwa hiyo tunaupitisha kwanza kwenye mabomba mengine yaliyo ndani ya tanuri mpaka ufike nyuzi 500. Huo ndio mvuke uliopashwa zaidi: hauna tone, na una joto la akiba kabla haujaanza kurudi kuwa maji.

Sasa tufungue jedwali la mvuke uliopashwa zaidi, kwenye baa 100, mstari wa nyuzi 500. Tunakuta namba mbili za kuandika pembeni. Ya kwanza ni enthalpi, 3375. Ichukulie kuwa ni kilojuli zilizobebwa na kila kilo ya mvuke. Ya pili ni entropi, 6.60. Hii huwatisha wanafunzi bure, kwa maana kazi yake hapa ni ya alama ya njia. Katika turbini kamilifu, isiyopoteza chochote, mvuke hutoka na entropi ile ile ulioingia nayo. Presha itashuka na joto litashuka, lakini 6.60 itabaki 6.60, nayo ndiyo itakayotuambia mvuke umefikia hali gani.

Mwisho wa safari ni kondensa, chombo ambamo mabomba ya maji baridi huurudisha mvuke kuwa maji. Mle ndani presha ni baa 0.1 tu. Tunahamia jedwali la mvuke ulioshiba, lile linalotaja maji na mvuke vikiwa pamoja. Kwa presha hiyo, entropi ya maji matupu ni 0.65, na kutoka maji hadi mvuke mkavu kuna hatua ya 7.50. Alama yetu ya 6.60 imeangukia katikati, basi tunauliza mvuke umebaki sehemu gani ya hatua hiyo. Toa 0.65 kwenye 6.60, kisha gawanya kwa 7.50. Jibu ni 0.793.

Maana yake, katika kila kilo inayofika mwisho, karibu gramu 207 ni maji. Wahandisi huanza kukosa usingizi maji yakizidi kama gramu 120. Turbini hii ingekuwa inajitafuna yenyewe.

Kazi yake nayo tunaipata kwa njia hiyo hiyo. Enthalpi ya maji kwenye kondensa ni 192, na hatua ya kugeuka mvuke ni 2392. Zidisha 2392 kwa 0.793, ongeza 192, unapata 2089. Mvuke uliingia na 3375 na umetoka na 2089, kwa hiyo kilojuli 1286 za kila kilo zimeachwa kwenye turbini.

Dawa ya matone ni ile ile ya wali wa jana: urudishe jikoni. Turbini hugawanywa sehemu mbili. Mvuke hupita sehemu ya kwanza hadi presha ishuke kufika baa 10, kisha hutolewa wote, hurudishwa kwenye tanuri, na kupashwa tena hadi nyuzi 500 kabla ya kuingia sehemu ya pili.

Twende na namba. Kwenye baa 10, mvuke mkavu unaoanza tu kushiba una entropi ya 6.585. Alama yetu ya 6.60 imezidi kidogo, kwa hiyo mvuke bado ni mkavu na tunabaki kwenye jedwali la uliopashwa zaidi. Mstari unaofuata, wa nyuzi 200, una 6.696. Tumo kama sehemu moja ya nane ya njia kati ya mistari hiyo miwili, na enthalpi tunaikadiria kwa uwiano huo: 2784. Sehemu ya kwanza imetoa 3375 kutoa 2784, yaani 591.

Baada ya kupashwa upya, jedwali linasema enthalpi 3479 na entropi 7.76. Alama imebadilika, nayo ndiyo siri yote. Kwenye kondensa, 7.76 kutoa 0.65, gawanya kwa 7.50, ni 0.948. Maji yameshuka hadi gramu 52 kwa kilo. Enthalpi ya mwisho ni 2460, na sehemu ya pili imetoa 1019. Jumla ni 1610.

Hapa wengi hushangilia mapema. Kutoka 1286 hadi 1610 ni ongezeko kubwa, lakini tumelipa kuni zaidi. Mwanzo boila ilitoa kilojuli 3173 kwa kila kilo, na sasa tumeongeza 695 za kupasha kiporo. Ukiondoa kilojuli 10 hivi za pampu na kugawanya, ufanisi umetoka asilimia 40 hadi 41. Kupasha upya kunalinda mapanga kwanza, kuokoa mafuta kunafuata kwa mbali.

Hizo ni hesabu za turbini kamilifu. Tuseme ya kweli inatoa asilimia 85 ya kila hatua. Kilojuli 1610 zitashuka hadi karibu 1368, na mvuke wa kilo 50 kwa sekunde utatoa megawati 68 hivi kwenye mhimili.

Kosa linaloharibu hesabu hizi mara nyingi ni dogo. Jedwali linahesabu presha kamili, wakati geji ya ukutani huanzia sifuri ukiwa tayari umezungukwa na baa moja ya hewa. Kwenye boila ya baa 100 tofauti hiyo haionekani sana. Kwenye kondensa inavuruga kila kitu, maana baa 0.1 ya jedwali kwenye geji husomeka hasi 0.9.

Olkaria, Kenya, ambako mvuke hutoka ardhini, dawa ya kiporo haitumiki. Mvuke wa visima hufika ukiwa umeshiba tu, na hakuna tanuri la kuurudisha. Kwa hiyo maji hutenganishwa na mvuke kabla haujaingia kwenye turbini.