Kuponi Inakwenda Wapi? Akiba ya Miaka 25 Kati ya Mstari na Mkunjo

Nchini Tanzania, hatifungani ya serikali ya miaka 25 huuzwa kwa mnada unaoendeshwa na Benki Kuu, na mtu wa kawaida anaweza kuingia akiwa na shilingi milioni 1. Ukishanunua, kila baada ya miezi 6 serikali hukulipa riba, ambayo wenye soko huiita kuponi. Mwaka wa 25 ukitimia, unarudishiwa mtaji wako.

Wanaoshawishi watu wanunue husifu kiwango cha kuponi. Lisilosemwa sana ni kwamba hatifungani yenyewe hailimbikizi chochote. Kuponi inaingia kwenye akaunti yako ya benki, nayo hatifungani inaendelea kuhesabiwa kwa mtaji uleule ulioanza nao. Kihesabu, hiyo ni riba ya kawaida. Anayetaka riba limbikizi, yaani riba inayozaa riba, itambidi ailimbikize mwenyewe.

Tuwachukue watu wawili walionunua siku moja, kila mmoja hatifungani ya shilingi milioni 10 kwa kuponi ya asilimia 12 kwa mwaka. Nimekichagua kiwango hicho kwa wepesi wa hesabu, ingawa hakiko mbali na asilimia 12.56 iliyowekwa kwa hatifungani za miaka 25 mwaka 2022. Kila miezi 6, kila mmoja anapokea shilingi 600,000. Wa kwanza anaziacha kuponi zake kwenye akaunti isiyolipa riba. Wa pili anazirudisha kazini papo hapo, kwa kiwango kilekile cha asilimia 12.

Mwaka wa kwanza ukiisha, wa kwanza ana milioni 11.2 na wa pili ana milioni 11.236. Wameachana kwa shilingi 36,000 tu, na ukichora grafu huwezi hata kuitofautisha mistari yao. Mwaka wa 5 ni milioni 16 kwa milioni 17.9. Hapa wengi huchoka, kwa sababu usumbufu wa kufuatilia kuponi unaonekana mkubwa kuliko faida yake. Lakini mwaka wa 10 ni milioni 22 kwa milioni 32, mwaka wa 20 ni milioni 34 kwa milioni 103, na mwaka wa 25 wa kwanza anamaliza na milioni 40 huku wa pili akiwa na milioni 184. Anayetaka kuhakikisha aandike hesabu hii kwenye jedwali la kompyuta, ambapo 0.06 ni riba ya nusu mwaka na 50 ni idadi ya kuponi:

```
=10000000*(1+0.06)^50
```

Kilicho muhimu zaidi ya hiyo milioni 184 ni wakati ilipopatikana. Katika miaka 10 ya mwanzo, wa pili aliongeza milioni 22. Katika mwaka wa 25 peke yake aliongeza zaidi ya milioni 20. Kwa hiyo anayekatisha mpango mwaka wa 20 hapotezi moja ya tano ya mavuno, bali anaacha karibu nusu yake. Kasi hii hukadiriwa kwa kanuni ya zamani, ambayo Mtaliano Luca Pacioli aliitaja katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1494: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, utapata miaka inayohitajika fedha kujirudufu. Kwa asilimia 12 ni miaka 6, na ndani ya miaka 25 fedha za wa pili hujirudufu mara 4 na ziada kidogo.

Sasa mgeukie wa kwanza. Mstari wake umenyooka, kwa hiyo anaonekana anakwenda kwa mwendo ule ule. Kwa kweli anazidi kupunguza mwendo. Mwaka wa kwanza milioni 1.2 ni asilimia 12 ya alichonacho. Mwaka wa mwisho ni milioni 1.2 ileile, lakini sasa ana milioni 38.8, na ongezeko hilo ni asilimia 3 tu. Jambo hili linaonekana wazi ukichora grafu ambayo kila hatua ya mhimili wa wima huzidisha mara 10 badala ya kujumlisha. Hapo riba limbikizi ndiyo inayonyooka, na riba ya kawaida inainama kama inayochoka. Kwa akiba ya miaka mingi, mimi naona grafu hiyo ndiyo ingepaswa kuonyeshwa watu kwanza.

Lakini milioni 184 haimo kwenye hatifungani. Inatokana na dhana kwamba kila kuponi itapata pa kuwekwa kwa asilimia 12 kwa miaka 25, na hakuna aliyeahidi hilo. Hatifungani ya miaka 25 ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata, mpya za muda huohuo zikashushwa hadi 12.56. Aliyenunua mwanzoni aliendelea kulipwa kiwango chake cha zamani kwenye mtaji, ila kuponi zake zilikutana na soko jipya. Katika mfano wetu, kuponi zikiwekezwa kwa asilimia 8, mwisho wake ni milioni 101.6. Zikienda kwenye akaunti ya akiba inayolipa asilimia 4, ni milioni 60.7. Hatifungani ni ileile. Kilichobadilika ni mahali kuponi zilipokwenda.

Kuna kikwazo kingine kidogo ambacho vitabu hukipita. Kiwango cha chini cha kununua ni milioni 1, na kuponi ya 600,000 haifiki. Basi wa pili hana budi kusubiri kuponi ya pili ndipo anunue. Akifanya hivyo kila mwaka hadi mwisho, anaishia na milioni 170, yaani milioni 14 zimepotea kwa sababu nusu ya kuponi ililala miezi 6. Ila hana haja ya kusubiri milele. Kufikia mwaka wa 5 amekusanya milioni 17.6, na kuponi ya nusu mwaka imevuka milioni 1. Akianza kununua kila miezi 6 tangu hapo, anamaliza na takriban milioni 181. Minada nayo hufuata kalenda, haifanyiki kila siku, kwa hiyo kuponi zinazosubiri zinafaa kuwekwa mahali panapolipa chochote, kama mfuko wa uwekezaji wa pamoja.

Bei za vitu nazo hupanda kwa mkunjo, maana mfumuko wa bei ni ulimbikizaji vilevile. Kwa asilimia 4 kwa mwaka, milioni 40 za wa kwanza zitanunua kile ambacho milioni 15 zinanunua leo. Za wa pili, hata zikiwa 184 kamili, zitakuwa na nguvu ya milioni 69. Anayetumia kuponi zake kulipa ada za watoto zinapoingia hajakosea lolote. Amechagua kipato badala ya akiba, na asitazamie mkunjo.

Kwa hiyo ukipewa jedwali la mpango wowote wa akiba wa miaka mingi, anza na mstari wa mwaka wa pili. Riba yake ikiwa sawa na ya mwaka wa kwanza, unauziwa mstari ulionyooka. Ikiwa imezidi, muulize anayekuuzia: riba hiyo inawekezwa wapi, kwa kiwango gani, na nani amekihakikisha?