Simu Yajuaje Mahali Ulipo?

Wewe uliyepewa shamba upande wa Kakuma, au unayelima kando ya mto Turkwel karibu na Lodwar, huenda umekwisha kumwona kijana akisimama penye kona ya shamba, akaitazama simu yake, kisha akasema, "Mpaka uko hapa." Kabla hujachimba shimo la nguzo ya ua, yafaa ujue simu ile imefanya nini hasa. Watu wengi hudhani ya kuwa setilaiti inalitazama shamba kutoka juu na kumwambia mwenye simu alipo. Sivyo. Setilaiti haimwoni mtu wala shamba, na simu haiipelekei habari yo yote. Kazi ya simu ni kupima muda, na mahali ulipo hupatikana kwa hesabu.

Mvua inapokuja umewahi kuona umeme, ukahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ukasikia ngurumo. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tatu zina maana ya kuwa radi imepiga umbali wa kilomita moja hivi. Hukuhitaji kamba ya kupimia. Ulihitaji mambo mawili tu: kujua sauti ilianza safari lini, na kujua ilikufikia lini. Simu nayo hufanya hivyo hivyo, isipokuwa badala ya sauti inasikiliza mawimbi ya redio, nayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde.

Mpango unaoitwa GPS ni wa Serikali ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mpango ulikamilika mwaka 1995. Zipo setilaiti kama 30 zinazofanya kazi, kila moja ikiizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku, kwa kimo cha kilomita 20,200. Warusi, Wachina na nchi za Ulaya wana mipango yao ya namna hiyo, na simu nyingi za siku hizi huisikiliza yote pamoja. Setilaiti iliyo juu ya kichwa chako hasa, mawimbi yake hukufikia kwa muda wa kama sehemu saba za mia za sekunde moja. Ukikosea muda huo kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea umbali kwa mita 300. Ndiyo sababu kila setilaiti imechukua saa za atomu, ambazo ni sahihi kupita saa zote tulizozizoea.

Huenda ukauliza, simu yajuaje wimbi liliondoka lini? Fikiri uzi wa shanga nyeusi na nyeupe, zimetungwa kwa mpangilio usioeleweka kwa jicho: nyeusi mbili, nyeupe moja, nyeusi, nyeupe tatu, na kuendelea mpaka shanga 1,023. Kila setilaiti ya GPS ina uzi wake usiofanana na wa nyingine, nayo huutuma mfululizo mara elfu moja kila sekunde. Simu imekwisha kuzijua nyuzi zote kwa moyo. Hutunga uzi ule ule ndani yake, kisha huusogeza nyuma kidogo kidogo mpaka shanga zake zilingane na zile zinazofika kutoka angani. Kiasi ilichousogeza ndicho kinachoiambia muda wa safari. Ushanga mmoja angani una urefu wa karibu mita 300, lakini simu nzuri huweza kulinganisha mpaka sehemu ya mia ya ushanga, yaani mita tatu hivi.

Pamoja na shanga hizo setilaiti hutuma maneno, yaani saa yake ni ngapi, na yenyewe iko wapi angani. Habari hizo hutoka kwa watumishi walio duniani, wanaozisikiliza setilaiti kutoka vituo kadhaa, kimoja kikiwa kisiwa cha Diego Garcia katika Bahari ya Hindi. Kuzipokea habari za setilaiti moja huchukua kama nusu dakika. Basi ukiwasha simu yako porini pasipo mtandao, usiitupe kwa kuwa imechelewa. Mtandao huileta habari hiyo kwa njia ya mkato, lakini bila mtandao simu itaipata yenyewe kutoka angani. Kitakachokosekana ni picha ya ramani, kama hukuiweka katika simu mapema.

Sasa tufike penye fundo lenyewe. Saa ya setilaiti ni ya atomu, lakini saa ya simu ni ya bei ndogo, nayo hukosea mno kwa kazi hii. Umbali utapimwaje kwa saa mbovu?

Tutumie njia tunayoijua. Kutoka Lodwar hadi Kakuma, kwa mstari ulionyoka kama ndege arukavyo, ni kilomita kama 105. Tuseme mtambo mmoja wa redio uko Lodwar na mwingine Kakuma, nayo yote miwili inatuma mawimbi kwa wakati mmoja kamili. Wewe umesimama juu ya mstari huo, mahali usipopajua. Simu yako inapima, inakuambia, "Lodwar ni kilomita 48, na Kakuma ni kilomita 63." Jumlisha. Utapata 111, hali unajua ya kuwa njia nzima ni 105. Kilomita sita zimezidi zimetoka wapi? Mitambo ya Lodwar na Kakuma haikukosea. Ni saa yako iliyo mbele. Na kwa kuwa saa ni moja, kosa lake limeingia sawasawa katika vipimo vyote viwili, tatu huku na tatu huku. Ondoa tatu kila upande: Lodwar ni 45, Kakuma ni 60, na jumla ni 105 barabara. Umejua mahali ulipo, tena umejua kwamba saa yako iko mbele kwa sehemu kumi za milioni ya sekunde. Kwa kipimo kimoja usingeweza kuligundua kosa hilo kamwe. Kipimo cha pili ndicho kilichoisahihisha saa.

Angani ni vivyo hivyo, ila mambo ya kutafutwa ni mengi zaidi. Kuna kaskazini na kusini, kuna mashariki na magharibi, kuna kimo, na kuna kosa la saa. Hayo ni manne, kwa hiyo zahitajika setilaiti nne. Kama simu ikizipata nane au kumi, hesabu inathibitika zaidi, hasa zikiwa zimetawanyika pande zote za anga. Zikiwa zimekusanyika upande mmoja, kwa mfano ukiwa umesimama chini ya ukingo mrefu wa mto, jibu huyumba.

Saa za setilaiti nazo zina mambo yake. Profesa Einstein alikwisha kuonyesha ya kwamba saa iliyo juu, mbali na uzito wa dunia, huenda haraka kuliko iliyo chini, na kwamba saa inayokwenda mbio huchelewa. Kwa setilaiti hizi, ukitoa hili katika lile, saa ingetangulia sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Ni kidogo sana, lakini zidisha kwa mita 300: baada ya siku moja kosa lingefika kilomita 11. Kwa hiyo mafundi huzipunguza mwendo saa hizo kabla ya kuzirusha.

Makosa yanayobaki ni yale ya njiani. Kama ukisimama karibu na nyumba ya mabati, wimbi huweza kugonga bati kwanza ndipo likufikie, nalo likiwa limekwenda njia ndefu, simu hudhani setilaiti iko mbali zaidi. Kosa la pili liko juu kabisa, katika hewa iliyochomwa na jua na kujaa umeme. Huko mawimbi hucheleweshwa, na kosa huwa la mita kadhaa au zaidi. Sisi wa Turkana hatuna bahati katika jambo hili, kwa kuwa hewa hiyo husumbua zaidi katika nchi za karibu na Ikweta, hasa baada ya jua kutua, na zaidi miezi ya Machi na Septemba. Ukiona simu inaruka ruka saa mbili za usiku mahali ambapo asubuhi ilitulia, huenda si simu iliyoharibika.

Kwa simu ya kawaida, mahali peupe, tarajia kosa la mita tano hivi. Ramani nyingi huonyesha duara kulizunguka doa la mahali ulipo, na maana yake ni kwamba uko mahali fulani ndani ya duara lile. Mita tano si kitu ukitafuta njia ya kwenda Kakuma. Lakini tuseme kiwanja chako kina mita 30 kwa 40. Ua ukisogezwa mita tano katika upande ule wa mita 40, umepoteza mita za mraba 200 katika 1,200, yaani sehemu moja ya sita, au umemnyang'anya jirani kiasi hicho. Kama unataka kuona jambo hili kwa macho yako, nenda penye jiwe la mpaka lisilo na ubishi, upime asubuhi, adhuhuri na jioni, uandike tarakimu. Jiwe halikusogea, lakini tarakimu zitatofautiana.

Mpima ardhi hutumia vyombo viwili. Kimoja hukiweka juu ya jiwe ambalo mahali pake pamejulikana tangu zamani, na kingine hutembea nacho. Kosa la hewa na la setilaiti huwa karibu sawa kwa vyombo vyote viwili vikiwa jirani, kwa hiyo lile linaloonekana penye jiwe hupunguzwa katika cha pili. Tena yeye hapimi shanga tu, bali hupima wimbi lenyewe, ambalo urefu wake ni sentimita 19. Hivyo hufikia sentimita chache. Mpaka wenye ugomvi mngoje yeye.

Liko kosa moja jingine ambalo si la setilaiti wala la hewa, ni la kalamu. Kakuma iko kama nyuzi 3 na dakika 43 kaskazini ya Ikweta. Uzi mmoja una dakika 60, kwa hiyo katika simu hiyo hiyo huweza kuandikwa 3.717. Mtu akiandika 3.43 akidhani ni yale yale, amelipeleka lori la maji kusini kwa kilomita kama 32. Unapompigia mtu simu kumwambia mahali kilipo kisima au alipo mgonjwa, soma tarakimu moja moja pamoja na nukta, umwambie kama ni nyuzi na dakika au ni nyuzi zenye nukta, na umtake azirudie kwako kabla gari halijaondoka.